Mshororo wa Kwanza Unapokuwa wa Mwisho: Mhadhara Juu ya Shairi la Mzunguko

Shairi la mzunguko ni shairi ambalo mshororo wake wa mwisho ni uleule wa kwanza, neno kwa neno, lakini msikilizaji anapoufikia mara ya pili haumaanishi tena kile ulichomaanisha mwanzoni. Hakuna silabi iliyoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni kila kitu kilicho kati ya mshororo huo na pacha wake: habari zilizosimuliwa, anayeambiwa, na jambo ambalo maneno yaleyale sasa yanaelekea.

Marudio si kitu kigeni katika ushairi wa Kiswahili, na ndiyo sababu aina hii huchanganywa na nyingine. Kibwagizo hurudi mwishoni mwa kila ubeti, na kadiri kinavyorudi ndivyo kinavyozoeleka, hadi wasikilizaji wanakiimba pamoja na malenga. Nguvu yake ni mazoea. Mshororo wa mzunguko husikika mara mbili tu, mwanzoni kabisa na mwishoni kabisa, na nguvu yake ni umbali uliopo kati ya mara hizo mbili. Katika pindu, kwa upande mwingine, maneno yanayofunga ubeti mmoja hufungua ubeti unaofuata, na mtunzi akipenda anaweza kuufunga mnyororo wote kwa kumalizia na maneno aliyoanzia. Hapo umbo ni la duara, lakini maana haikulazimika kugeuka. Pindu linaweza kufunga duara huku mshororo ukisema jambo lilelile ulilosema mwanzo, nalo likabaki pindu zuri.

Ndugu wa karibu zaidi, kwa jicho la fundi, ni takhmisa. Mtunzi wa takhmisa huchukua mishororo ya shairi la zamani na kutanguliza yake mbele ya ile ya mwenyewe, hadi ubeti ufikie mishororo mitano. Mshororo wa kale haukuguswa, ila sasa umewekewa mlango mwingine wa kuingilia, na mara nyingi husema jambo ambalo mtunzi wake wa kwanza hakulikusudia. Shairi la mzunguko hufanya vivyo hivyo kwa mshororo wake lenyewe: linautunga, linauacha, kisha linaujengea mlango mpya.

Nje ya Kiswahili jambo hili lina ukoo mrefu. Wanabalagha wa Kiarabu waliliita raddu al-ajuzi ala al-sadri, yaani kurudisha mwisho wa ubeti kwenye mwanzo wake, na Ibn al-Mutazz alilihesabu miongoni mwa mapambo matano makuu ya ushairi katika kitabu chake cha Al-Badii, alichokiandika mwaka 887. Hilo lilikuwa pambo la ndani ya ubeti mmoja, neno likirudi kwa neno. Kurudisha mshororo mzima kutoka mwisho wa shairi hadi mwanzo wake ni hatua kubwa zaidi. Huko Uingereza, John Donne aliandika soneti saba zilizoungana kiasi kwamba mshororo wa mwisho wa ya saba ndio wa kwanza wa ya kwanza, kama shada linalofungwa kichwani. Zilichapishwa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake.

Mifano hiyo inatosha kuonyesha kwamba umbo lenyewe si la lugha moja. Njia ya kuigeuza maana, hata hivyo, ni ya kila lugha na yake, na hapo ndipo Kiswahili kina chombo ambacho Kiingereza na Kiarabu havina.

Chombo hicho ni viambishi vya ngeli. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha mtendaji, na mtendaji mwenyewe anaweza asitajwe kabisa. Sasa, kiambishi u- kina kazi zaidi ya moja. Ni kiambishi cha nafsi ya pili umoja: wewe umefika. Ni kiambishi cha umoja katika ngeli ya mto, moto, mwaka, msimu na mzigo: mto umefika. Ni kiambishi pia cha ukame, ugonjwa, upepo, usiku na uhuru. Mtu akisema "umefika" bila kutaja nomino, sarufi inaruhusu rafiki mlangoni, mto uliofurika, ukame au uhuru ulioahidiwa. Katika mazungumzo hakuna anayetatizika, kwa kuwa mazingira huonyesha kinachozungumziwa. Katika shairi, mazingira ni mali ya mtunzi.

Isiolo ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, na si kwa sababu tu kwamba Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Wengi wa wasikilizaji wa mji huo walilelewa katika fasihi simulizi zinazofundisha sikio kukumbuka mbali. Katika gabay ya Kisomali sauti moja ya mwanzo wa neno huandama shairi zima, na msikilizaji huifuata tangu mstari wa kwanza. Waborana nao huimba wanaponywesha mifugo visimani, watu wakipokezana chombo cha maji kutoka chini hadi kwenye birika, na wimbo wa namna hiyo hauna mwisho wake wenyewe: huzunguka hadi wanyama watosheke. Msikilizaji wa aina hiyo hahitaji kuelezwa kwamba mstari uliorudi ulishawahi kupita. Anaujua mara unapoanza.

Tena kuna mto. Ewaso Nyiro huchota maji yake kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ukapita Archer's Post na kukata nyanda za kaunti ya Isiolo kuelekea kinamasi cha Lorian. Katika nyanda za chini mto huo hukauka hadi watu wakavuka kwa miguu juu ya mchanga, kisha ukajaa ilhali jua linawaka, kwa kuwa mvua imenyesha juu mlimani, mbali na macho ya anayeishi ukingoni. Wakazi walipitia misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kati ya mwaka 2020 na 2022, halafu mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zikaleta mafuriko katika maeneo yaleyale yaliyokuwa yamekauka. Kwao "umefika" ni neno lenye wagombea wengi.

Shairi lifuatalo limetungwa kwa ajili ya mhadhara huu, ili lifunguliwe kipande kwa kipande. Linaitwa "Mgeni".

Umefika hatimaye, hakuna aliyelala,
Nyanya na wajukuuye, wakutengea pahala,
Jirani na rafikiye, wakuletea chakula,
Kila mtu na taaye, akungoja kwa jamala.

Ukachagua mtoni, ukauacha na mji,
Ukajenga ukingoni, hukumwita mfugaji,
Mzee wa kijijini, akawa si msemaji,
Akaonyesha mtini, palipofikwa na maji.

Mwaka ukawa mkavu, mchanga tukauvuka,
Ulishikilia mbavu, mzee ukamcheka,
Wingu lile la majivu, mlimani likashuka,
Nasi huku kwa uvivu, jua kwetu likiwaka.

Mbuzi amwita mwanaye, giza ni kila mahala,
Nyanya na wajukuuye, wameacha na chakula,
Kila mtu na taaye, atafuta pa kulala,
Umefika hatimaye, hakuna aliyelala.

Kwa kanuni za arudhi, hili ni tarbia lenye vipande viwili katika kila mshororo, mizani nane kwa kila kipande. Vina hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, kwa hiyo ni ukaraguni, isipokuwa ubeti wa nne unarudia vina vya ubeti wa kwanza, -ye ukwapini na -la utaoni. Halikuwa pambo la hiari. Mshororo unaorudi huja na vina vyake, na ubeti unaoupokea lazima uwe umeviandaa. Wajukuuye, rafikiye na taaye ni inkisari za kawaida za kishairi, zilizotumiwa ili kina cha -ye kipatikane bila kuvunja mizani. Shairi halina kibwagizo, na lisingeweza kuwa nacho. Mshororo wa nne wa kila ubeti ungekuwa mmoja, wa mwisho ungefika ukiwa umeshachakaa.

Kwa usomaji wa kwanza, ubeti wa kwanza hauna utata wowote. Mtu amefika. Kiambishi ku- katika "wakutengea", "wakuletea" na "akungoja" kinathibitisha mara tatu kwamba anayeambiwa ni wewe. Hakuna aliyelala kwa furaha, taa zinawaka kwa heshima ya mgeni, na "hatimaye" ni neno la mtu aliyengoja sana. Kuimarisha maana ya kwanza hivi ni kazi ya makusudi. Watunzi wanaojaribu umbo hili kwa mara ya kwanza hupenda kuuacha mwanzo ukiwa na ukungu, wakidhani utata wa mapema ndio utakaofaa baadaye. Matokeo huwa kinyume. Msikilizaji ambaye hakuwa na maana ya kwanza iliyosimama imara hana kitu cha kugeuziwa.

Ubeti wa pili unafanya mambo mawili kimyakimya. Neno "mtoni" linaleta nomino ambayo kiambishi chake ni u-, lakini linaileta likiwa mahali, si mtendaji, hivyo sikio halijiulizi lolote. Kisha mzee anaonyesha mti na alama ya mafuriko ya zamani, "palipofikwa na maji". Hapo kitenzi cha kufika kimepita tena mbele ya msikilizaji, safari hii kikihusu maji. Mshororo wa kwanza ulikuwa umekifunga kitenzi hicho kwa mtu. Sasa fundo limelegezwa kidogo. Kama mshororo huo ungesema "palipokuwa na maji", shairi lingepoteza mwiba wake mkuu, ingawa mizani yangetimia.

Katika ubeti wa tatu kiambishi chenyewe kinahama. "Mwaka ukawa mkavu" ni u- ya mtendaji ya kwanza katika shairi zima ambayo si ya wewe. Mshororo unaofuata unarudi kwa wewe: "ulishikilia mbavu", "ukamcheka". Kwa muda wa mishororo miwili sikio limefundishwa kwamba u- inaweza kuwa yeyote, na limefundishwa bila somo. Halafu wingu linashuka mlimani ilhali jua linawaka kwa wasimulizi. Anayeujua Ewaso Nyiro amekwisha kujua kitakachotokea. Asiyeujua bado ana habari zote anazohitaji, ila hajaziunganisha.

Ubeti wa nne haulitaji neno mto, wala mvua, wala mafuriko. Unatumia tena vitu vya ubeti wa kwanza: nyanya na wajukuu walewale, chakula kilekile, taa zilezile mikononi. Chakula kilicholetwa sasa kimeachwa. Taa iliyomngoja mgeni sasa inatafuta mahali pa kulala. Kwa hiyo mshororo wa mwisho unapofika, ubeti mzima umeshageuka nyuma yake, na wenyewe unageuka kwa kishindo kidogo sana. Umefika: mto. Hatimaye: kile alichokionyesha mzee kimetimia. Hakuna aliyelala: watu wako mbioni gizani. Maneno manne, na yote yamebadilika ingawa ni moja tu, la kwanza, lililobadilishwa na sarufi. Mengine yamevutwa nalo.

Jambo hilo la mwisho ni la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo linalotenganisha mzunguko na mzaha wa maneno. Mchezo wa neno lenye maana mbili hugeuza neno moja na kuliacha sentensi jinsi ilivyokuwa. Kama mshororo ungekuwa "Umefika hatimaye, tulikuwa twakungoja", mizani yangekuwa sawa, lakini "twakungoja" ingemfunga mtendaji kwa mtu daima, na mwishoni msikilizaji angeona tu kwamba mshororo umerudiwa. Kama ungekuwa "twaungoja", ungefungwa kwa mto tangu mwanzo na ubeti wa kwanza ungekuwa kitendawili. Kipande cha pili kinachofaa ni kile kinachoweza kwenda na pande zote mbili bila kuegemea wowote, na kiwe na hisia ambayo pande hizo zinaigawana kinyume. Kukesha ni kwa furaha na ni kwa hofu. Kucheka au kulia peke yake kusingefaa: kila kimoja kina upande wake.

Ndiyo maana mtunzi wa shairi la namna hii haanzi na ubeti wa kwanza. Huanza na mshororo mmoja, akaupima dhidi ya maana mbili alizonazo akilini. Kisha huandika ubeti wa mwisho, kwa sababu ndio wenye masharti makali zaidi: lazima ufikishe maana ya pili bila kuitaja. Ubeti wa kwanza huandikwa wa pili, ukichukua vitu kutoka ule wa mwisho ili virudi baadaye. Beti za katikati huja mwisho, na idadi yake huamuliwa na jambo moja tu, ni habari ngapi msikilizaji anazihitaji kabla ya kurejea. Katika "Mgeni" zinatosha beti mbili. Kwa ubeti mmoja mshororo ungerudi kabla haujasahaulika kidogo. Kwa beti kumi sikio la anayesikiliza mara moja lingeweza kupoteza mshororo wa kwanza, na hapo duara halifungiki hata kama karatasi inaonyesha limefungwa.

Uteuzi wa nomino unakuja hata kabla ya hayo. Mafuriko yangesimuliwa kwa neno mvua, kiambishi kingekuwa i- na "imefika" isingeweza kumwelekea mtu. Kwa neno maji kingekuwa ya-. Kiswahili kina milango mingine ya aina hii, ila si mingi. Kiambishi a- humhudumia binadamu na mnyama kwa usawa, hivyo shairi linaloanza na "amepotea" linaweza kuonekana linamlilia mtoto na likaishia kwa ngamia, au kinyume chake, na katika nchi ya wafugaji hasara zote mbili ni za kweli. Kiambishi cha mtendwa ku- ni cha wewe na pia cha mahali: anayesema "nakujua" anaweza kuwa anamwambia mtu, na anaweza kuwa anasema habari za kwao mtu huyo. Kiambishi i- huunganisha nyumba moja iliyoanguka na miti mingi iliyoanguka. Mlango wa u- ndio mpana kuliko yote, kwa sababu upande mmoja wake kuna mtu anayeambiwa uso kwa uso, na upande wa pili kuna vitu vikubwa visivyo na masikio: mto, moto, ukame, usiku.

Upana huo una hatari yake. Ubeti wa nne wa "Mgeni" unaweza kusomeka kana kwamba ukame ndio uliofika, au kwamba ni yuleyule mgeni anayelaumiwa tena: umefika wewe, na tazama yaliyotupata. Usomaji wa ukame unazuiwa na mbio za usiku, maana ukame hauwatoi watu vitandani ghafla. Usomaji wa lawama hauzuiwi kabisa. Mkosoaji mkali atasema huo ni udhaifu, kwamba mshororo unaokusudiwa kugeuka mara moja umegeuka mara moja na nusu. Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba lawama haipingani na mafuriko: mgeni aliyejenga ukingoni na mto uliokuja kuuchukua ukingo wake wote wamefika, kila mmoja kwa wakati wake. Hata hivyo, maana ya ziada ikiachwa bila kuangaliwa, huweza kuimeza ile kuu. Kama ubeti wa tatu ungekuwa na kejeli zaidi dhidi ya mgeni, lawama ingeshinda na mto ungetoweka.

Namna ya kujua kama shairi limefaulu ni rahisi. Msikilizaji ambaye hajalisikia husomewa ubeti wa mwisho peke yake na kuulizwa nani aliyefika. Akijibu "mafuriko" bila kusita, ubeti huo umesema mno na duara halifanyi kazi yoyote. Mwingine husomewa shairi zima na kuulizwa swali lilelile. Akijibu "mgeni yuleyule", beti za katikati zimesema kidogo mno. Shairi liko salama pale wa kwanza anapobaki na shaka na wa pili hana. Swali hilo moja hufichua pia kosa linalotokea sana, la mtunzi kujieleza. Akiongeza mahali fulani "mto ukaja kwa hasira", au akaliita shairi "Mafuriko", msikilizaji hupewa jibu kabla ya swali. Jina "Mgeni" lilichaguliwa kwa sababu linageuka pamoja na mshororo.

Darasani, umbo hili huumizwa na jibu lililozoeleka. Mwanafunzi anayekutana na mshororo uliorudiwa katika karatasi ya fasihi huandika kwamba ni takriri na kwamba imetumika kusisitiza. Kwa kibwagizo jibu hilo lina ukweli. Kwa mshororo wa mzunguko ni kosa, kwa kuwa mara ya pili haiongezei nguvu jambo la kwanza, inaliondoa. Swali la kumuuliza mwanafunzi si mshororo umerudiwa mara ngapi bali ni nani mtendaji wake katika kila mara, na ni mshororo upi wa katikati uliomruhusu ahame. Kwa "Mgeni" jibu la sehemu ya pili ni mishororo miwili, "palipofikwa na maji" na "mwaka ukawa mkavu".

Limebaki suala la mzunguko wenyewe. Shairi lenye mwisho wa kushtua humaliza kazi yake linapokwisha. La mzunguko humrudisha msomaji mwanzo, kwa kuwa mshororo wa mwisho ndio uleule wa kwanza, na jicho au ulimi huendelea wenyewe kwa mazoea hadi mshororo wa pili. Katika mzunguko wa pili wa "Mgeni", ubeti wa kwanza unasomwa huku mto ukiwa bado masikioni. "Nyanya na wajukuuye, wakutengea pahala" sasa yaweza kusemwa kwa mto, kwa uchungu: nyumba iliyohamwa ndiyo pahala palipotengwa. Chakula kilicholetwa kimeachiwa maji. Taa zinazongoja kwa jamala zimesimama kilimani zikitazama. Kiambishi ku-, kilichomfunga mgeni kwa nguvu mwanzoni, sasa kinamfunga mto kama mtu anayeambiwa, na ubeti mzima wa ukarimu unasomeka kama kejeli bila kubadilisha hata alama moja ya kituo.

Halafu duara linakatika. "Ukachagua mtoni" haiwezi kusemwa kwa mto, kwani mto hauchagui mtoni, wala "ukauacha na mji" haina maana kwake. Mzunguko wa pili unadumu ubeti mmoja, kisha shairi linarudi kuwa simulizi ya mgeni. Mtunzi angeweza kuurefusha kwa kuandika ubeti wa pili ambao kila kitenzi chake kinamfaa mtu na mto pia: umepita, umelala, umetulia, umeinama. Gharama yake ingekuwa kuupoteza ukingo, mfugaji asiyeitwa na mti wenye alama, yaani kila kitu kinachoifanya maana ya pili iwezekane katika mzunguko wa kwanza. Hapa ilionekana afadhali duara fupi lililo imara.

Uamuzi huo unaonekana hasa shairi linapoimbwa. Mghani akifika mshororo wa mwisho anaweza kuendelea bila kupumua hadi mwisho wa ubeti wa kwanza, kwa sauti ya chini kuliko aliyoanzia, kisha akasimama kwenye "jamala". Akiingia ubeti wa pili amekwenda mbali mno, na wasikilizaji watadhani ameanza shairi upya. Katika maandishi hakuna anayeweza kumzuia msomaji, ila mchapaji anaweza kumsaidia kwa kuliweka shairi zima upande mmoja wa karatasi, ili mshororo wa kwanza uwe bado machoni wakati wa mwisho unaposomwa. Likikatwa na ukurasa, kurudi kunahitaji kufunua karatasi nyuma, na wasomaji wengi hawafanyi hivyo.